Kamera Kwanza, Ndimu Baadaye: Prompti za Picha za Menyu kwa Mgahawa wa Mikindani

Prompti ya picha ya chakula, yaani maelezo ya maneno ambayo programu ya akili mnemba huyageuza kuwa picha, huharibika mara nyingi kabla chakula chenyewe hakijatajwa, kwa sababu anayeiandika hajaamua kamera imesimama wapi. Anaanza na jina la chakula, anaongeza sifa za utamu na uzuri, anataja mapambo, kisha mwishoni kabisa anakumbuka kuandika kwamba picha ipigwe kutoka juu au kwa mshazari. Mimi huandaa menyu za migahawa midogo hapa Mtwara, na nimefikia msimamo kwamba mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Pembe ya kamera ndiyo inayoamua chakula kipakuliwe vipi na pambo likae wapi, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa katika mstari wa kwanza.

Pembe zinazotumika katika menyu ni chache. Ipo ya juu wima, ambapo kamera inatazama meza kwa digrii 90 na sahani inaonekana duara kamili. Ipo ya mshazari, ambayo wapiga picha huiita robo tatu, ambapo kamera iko kati ya digrii 30 na 60 juu ya meza, na mara nyingi huwa karibu na 45, takriban kama anavyokiona chakula mtu aliyeketi mbele yake. Ipo pia ya usawa wa meza, inayofaa bilauri ya juisi au mkate uliopangwa tabaka juu ya tabaka, ambayo sitaijadili hapa. Kanuni ya kuchagua kati ya hizo mbili za kwanza ni kimo cha chakula. Chakula kilichotandazwa, ambacho uzuri wake uko katika umbo na rangi zinazokaa bega kwa bega, hupigwa kutoka juu. Chakula chenye mlima, au chenye mchuzi unaopaswa kung'aa, hupigwa kwa mshazari.

Nichukue mfano mmoja na kukaa nao. Mgahawa mmoja wa Mikindani unauza pweza wa nazi kwa ugali wa muhogo. Ugali unakuja kwenye sahani nyeupe ya duara, ukiwa umefinyangwa kuwa kilima laini chenye kimo cha kama sentimita saba. Pweza yumo ndani ya bakuli lenye upana wa sentimita kumi na sita, akiwa amekatwa vipande vya kutosha mdomo mmoja, katika mchuzi mzito wa tui wenye manjano kidogo. Pembeni mwa ugali kuna kachumbari na kipande kimoja cha ndimu, na pilipili mbuzi moja nzima kwa anayeitaka. Hicho ndicho chakula halisi, na picha yoyote inayoingia kwenye menyu lazima itambulike na mtu aliyewahi kukila.

Prompti ambayo watu wengi wangeiandika kwa chakula hicho inafanana na hii:

```
Swahili octopus coconut curry with ugali, beautifully
garnished, restaurant menu photo, overhead shot,
blurred background, rising steam
```

Kila neno hapo lina nia njema, lakini maneno yenyewe yanavutana. Picha ya kutoka juu wima haina mandharinyuma inayoweza kufifia, kwa kuwa kila kitu kimelala kwenye meza moja, karibu umbali uleule kutoka kwenye lenzi. Mvuke nao huonekana vizuri unapopanda mbele ya kitu cheusi kilicho nyuma yake, jambo linalowezekana kwa kamera ya mshazari na ambalo ni gumu sana kwa kamera inayotazama chini moja kwa moja. Programu za akili mnemba zimejifunza kutokana na picha zilizoambatana na maelezo, na katika picha hizo mvuke na ukungu wa nyuma huandamana na kamera iliyoshuka. Kwa hiyo `overhead` inaivuta kamera juu, wakati `blurred background` na `rising steam` zinaishusha. Matokeo yake huwa ni pembe ya katikati isiyo na msimamo, au, jambo baya zaidi, picha ambamo sahani inaonekana kutoka juu ilhali bakuli lililo karibu nayo linaonekana kwa mshazari.

Kwa chakula hiki mimi huchagua mshazari, na sababu yake ni ugali. Kilima cha ugali kikitazamwa kutoka juu wima hupoteza kimo chote na kubaki doa jeupe la duara juu ya sahani nyeupe, na hata mwanga wa pembeni hautoshi kumwambia mteja kwamba pale pana chakula cha kushibisha. Kwa mshazari, upande mmoja wa kilima hupata mwanga na mwingine hupata kivuli, na jicho linasoma ujazo wake mara moja.

Hata hivyo mshazari una gharama yake, nayo inahesabika. Kitu chochote chenye kimo huficha kilicho nyuma yake. Kwa digrii 45, kilima cha sentimita saba huficha takriban sentimita saba za sahani zilizo nyuma ya kilele chake. Kamera ikipanda hadi digrii 60, kinaficha kama sentimita nne tu. Bakuli nalo huficha kilicho ndani yake kwa ukingo wake wa mbele. Mchuzi ukiwa sentimita tatu chini ya ukingo, kamera ya digrii 45 hupoteza sentimita tatu za uso wa mchuzi upande wa mbele, na kamera ya digrii 30 hupoteza zaidi ya tano, ambazo ni karibu theluthi ya bakuli letu la sentimita kumi na sita. Ndiyo maana picha za mchuzi zilizopigwa kwa kamera ya chini sana huonyesha bakuli zaidi kuliko chakula.

Kutokana na hesabu hiyo, upakuaji unajieleza wenyewe. Kirefu kikae nyuma, kifupi kikae mbele, na bakuli lijae hadi karibu na ukingo. Kachumbari haiwezi kukaa nyuma ya ugali, kwa sababu hapo haipo kabisa kwa macho ya mteja. Ndimu ikae mbele, na uso wake uliokatwa uitazame kamera, kwa kuwa ganda la kijani peke yake, likionekana kwa mbali, linaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine chochote. Mambo haya mpishi mzoefu huyafanya kwa mikono bila kuyataja, lakini programu haina mikono ya mpishi, na isipoambiwa huweka kila kitu katikati.

Lugha ya mahali pia hubadilika kulingana na pembe, na hili ni jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha. Katika picha ya mshazari kuna mbele na nyuma, kwa hiyo maneno `front left` na `back right` yana maana moja tu. Katika picha ya kutoka juu hakuna mbele wala nyuma; kuna juu ya fremu na chini ya fremu, kwa hiyo mtu anapaswa kuandika `top left` au `bottom right`. Mwenye kuandika `behind the plate` katika prompti ya picha ya juu ameshaialika kamera ishuke, hata kama hakukusudia. Jina lenyewe la robo tatu nalo lina utata wake, kwani `three-quarter view` hutumika sana kwa picha za nyuso na za magari yaliyogeuzwa upande, bila kusema lolote kuhusu kimo cha kamera. Mimi hupendelea kueleza kamera iko wapi kwa maneno ya wazi.

Baada ya pembe na mpangilio, yanabaki maelezo ya chakula, na hapa ndipo ukweli wa pwani ya kusini unapopotea kwa urahisi. Neno `curry` likikaa karibu na `coconut`, programu nyingi huhamia Tailandi: linatokea bakuli jeusi, vipande vyembamba vya pilipili nyekundu, majani mengi ya kijani, na pengine nusu ya nazi iliyopasuliwa. Neno `octopus` likiachwa peke yake huleta pweza mzima aliyekunja mikono yake, au hata ngisi aliyekatwa pete. Ugali ukitajwa kwa jina tu hurudi ukiwa viazi vilivyopondwa, vyenye shimo la siagi juu yake. Tiba ya yote matatu ni kuacha kutegemea jina na kueleza kinachoonekana. Kipande cha mkono wa pweza aliyepikwa kina ngozi ya zambarau inayoelekea kahawia, nyama nyeupe palipokatwa, na mistari miwili ya vinyonyeo. Ugali wa muhogo wa makopa una weupe wenye ujivu kidogo, uso wake ni laini na haung'ai. Mchuzi ni mzito, una rangi ya tui lililotiwa manjano kidogo, na hauna mafuta mekundu yanayoelea juu.

Prompti yangu kwa picha hiyo, basi, inakuwa hivi:

```
Menu photo, camera looking down at 45 degrees.
Back left: white round plate, smooth firm matte dome
of greyish-white cassava ugali; at its front edge,
thin-sliced tomato and red onion, one lime wedge,
cut face to camera.
Front right: wide white bowl filled almost to the rim,
thick pale-yellow coconut sauce, bite-size pieces of
octopus arm, purple-brown skin, white cut flesh,
two rows of suckers.
Soft window light from back left, plain wooden table.
```

Mwanga nimeuweka nyuma kushoto kwa makusudi. Ukitoka nyuma, unapiga uso wa mchuzi na kurudi kwenye kamera, na hapo ndipo mchuzi unapong'aa na vipande vya pweza kupata ukingo wa nuru. Mwanga huohuo ukitoka upande wa kamera ungeufanya mchuzi uwe rangi tupu iliyopakwa.

Msomaji ataona kwamba neno `garnished` halimo. Nimeliondoa, na ninamshauri kila anayeandika prompti za menyu aliondoe pia, kwa kuwa neno hilo linaipa programu ruhusa ya kuchagua pambo yenyewe, nayo huchagua lilelile kila mara: paseli iliyokatwakatwa, ufuta, nyanya ndogo za mviringo, matone ya mchuzi yaliyochorwa kwenye ukingo wa sahani. Mwenye mgahawa wa Mikindani, mama mtu mzima ambaye amepika pweza maisha yake yote, aliitazama picha moja ya namna hiyo na kuniambia, “Mwanangu, mteja akiyaona majani haya atayadai, nami sinayo.” Niliona kwamba amelimaliza jambo lote kwa sentensi moja. Pambo katika menyu ni ahadi sawa na kiasi cha nyama. Liandikwe kwa jina lake, kwa idadi yake na mahali pake, au lisiandikwe.

Idadi inahitaji uangalifu. Moja na mbili hutiiwa mara nyingi, lakini vipande vitano vinaweza kurudi vikiwa vinne au saba, kwa hiyo pambo linalotegemea hesabu kubwa ni afadhali lielezwe kama fungu. Kukataza nako kuna hatari. Kuandika `without parsley` ndani ya maelezo ni kuitaja paseli, na programu nyingi huona neno kabla ya kuona katazo. Programu iitwayo Midjourney ina mahali pake pa kukatazia, yaani `--no parsley, sesame seeds, cherry tomatoes` mwishoni mwa prompti, na Stable Diffusion ina kisanduku tofauti cha `Negative prompt`. Mahali pasipo na nyenzo hizo, ni bora kujaza nafasi ya pambo kwa kitu halisi, kwa sababu ukingo ambao tayari una ndimu hauachi nafasi kubwa ya majani kujipenyeza. Pilipili mbuzi mimi huiacha nje ya prompti ya kwanza, kwa kuwa umbo lake huchanganywa na lile la pilipili hoho ndogo, na kuiongeza baadaye kwa kuhariri sehemu ile tu ya picha ni rahisi zaidi.

Picha ikisharudi, inabidi ipimwe, na kipimo ninachokitegemea zaidi hakihitaji chochote isipokuwa rula. Sahani ya duara ikitazamwa kwa mshazari huonekana yai, na uwiano wa kimo cha yai hilo kwa upana wake unatoa pembe ya kamera. Kwa digrii 90 uwiano ni 1. Kwa 60 ni kama 0.87, kwa 45 ni kama 0.71, na kwa 30 ni nusu kamili. Tuseme ukingo wa sahani kwenye skrini una upana wa sentimita saba na kimo cha sentimita tano; kugawanya kunaleta 0.71, na kamera iko pale tulipoiomba. Ni makadirio, kwa sababu lenzi iliyo karibu sana hupotosha kidogo, lakini yanatosha kabisa. Programu haipimi digrii. Inayajua maneno tu, na prompti ya digrii 45 inaweza kurudi na pembe yoyote ya mshazari. Bila rula mtu hubaki kubishana na hisia zake.

Kipimo hicho kina faida ya pili, ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya kwanza. Pima sahani, kisha pima ukingo wa bakuli katika picha ileile. Vyombo viwili vilivyo kwenye meza moja vinapaswa kuwa na uwiano unaokaribiana, cha nyuma kikiwa kimelala kidogo zaidi. Sahani ikitoa 0.9 na bakuli likatoa 0.6, picha hiyo imepigwa na kamera mbili ambazo haziwezi kuwapo kwa pamoja. Mteja hatajua kosa ni nini, lakini ataona bakuli linataka kumwagika kutoka kwenye meza, na hataiamini picha. Picha ya aina hiyo mimi siihariri. Huiacha, narudi kwenye prompti na kutafuta neno linalovuta kamera upande mwingine, ambalo mara nyingi huwa ni neno la mandhari, kama dirisha, bahari au wateja walioketi nyuma.

Ipo njia iliyo salama zaidi, na kwa mgahawa ulioko karibu ndiyo ninayoitumia. Chakula halisi kinapakuliwa, kinapigwa kwa simu, na picha hiyo inaingizwa kwenye programu kuwa msingi. Katika Stable Diffusion kuna kipimo kinachoitwa `Denoising strength`, kinachoanzia 0 hadi 1. Kikiwekwa karibu na 0.35, maumbo hubaki kama yalivyo huku mwanga na uso wa meza vikirekebishwa, na kikipandishwa kupita 0.7 pweza huanza kuwa pweza mwingine. Sharti lake ni kwamba pembe haibadiliki. Simu ikishikwa kwa digrii 30, hakuna prompti itakayoipandisha hadi 45 kwa nguvu hiyo ndogo, kwa hiyo uamuzi wa pembe unarudi palepale pa mwanzo, mezani, kabla ya kubonyeza. Ninashauri pia kusogea nyuma na kukuza picha mara mbili badala ya kuisogeza simu karibu na sahani, kwani lenzi pana ya simu ikiwa karibu huuvimbisha ukingo wa mbele. Jua la adhuhuri huku kwetu, digrii 10 kusini mwa Ikweta, hupiga karibu wima kwa miezi kadhaa ya mwaka na kuufuta ubavu wa ugali. Meza iliyo kivulini, kando ya dirisha au mlango uliofunguliwa, inafaa saa yoyote.

Njia hii inalinda pia uaminifu wa menyu. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na picha inayoonyesha vipande vikubwa vya pweza ambavyo bakuli halisi halina inaelekea huko, iwe imetengenezwa na kamera au na akili mnemba. Picha yenye msingi wa sahani halisi inabaki karibu na kile kitakachofika mezani.

Katika menyu hiyohiyo ya Mikindani kulikuwa na chakula kimoja kilichohitaji uamuzi wa kinyume, nacho ni sinia la watu wanne: wali wa nazi uliotandazwa, changu wawili wa kukaanga, kachumbari na ndimu. Hapa hakuna mlima. Kilicho kirefu zaidi ni samaki, ambao wamelala ubavu, na habari yote ya sinia ni kwamba kila kitu kipo na kinatosha. Kwa mshazari, samaki wa mbele angeficha sehemu ya wali na ukingo wa nyuma wa sinia ungebanwa. Nilichagua juu wima, nikafuta kila neno la mvuke na la mandharinyuma, nikahamisha mwanga kutoka nyuma hadi kushoto ili magamba na punje za wali zipate vivuli vifupi, na nikabadili lugha ya mahali:

```
Menu photo, camera directly overhead, 90 degrees.
Round steel tray fills the frame, flat layer of white
coconut rice. Two whole fried snappers side by side,
heads to top left. Bottom right: heap of sliced tomato
and red onion, two lime wedges. Low window light
from left. --ar 1:1
```

Vichwa vya samaki nimevielekeza upande mmoja kwa sababu programu, isipoambiwa, huwatazamisha, na samaki wawili wanaotazamana hulivuta jicho katikati na kuisahaulisha kachumbari. Fremu ni ya mraba, ambayo Midjourney huiandika `--ar 1:1`, kwa kuwa duara hupoteza nafasi ndogo zaidi ndani ya mraba, ilhali picha ya pweza hukaa vizuri zaidi kwa 4:5, yenye hewa kidogo juu ya ugali pa kuandikia jina na bei. Picha zote mbili zilikaa ukurasa mmoja, na katika zote mbili dirisha lilikuwa upande wa kushoto. Pembe zinaweza kutofautiana ndani ya ukurasa bila kumsumbua msomaji, mradi mwanga uingie kutoka upande uleule. Kuhusu ukubwa, picha yenye nukta 1024 kwa upande hutoka safi kwenye karatasi hadi kama sentimita 8.7 kwa nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo sinia, lililotakiwa lishike upana wote wa ukurasa wa A4, ilibidi likuzwe kwanza, kisha macho na mapezi ya changu yakaguliwe tena moja moja kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa, kwani ukuzaji nao hubuni.